Kipepeo na Kaa kwenye chati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba zinazokubali baada ya bei kugeuka

Kipepeo na Kaa ni maumbo gani, na yanatofautianaje?

Yote mawili ni maumbo ya hamoniki yenye pointi tano: X, A, B, C na D. Tuchukue ya kununua, maana ya kuuza ni kinyume chake tu. Bei inapanda kutoka X hadi A, inashuka hadi B, inapanda kidogo hadi C, kisha inashuka kwa nguvu hadi D, chini ya pale X ilipoanzia. D ndipo treda anaponunua akitarajia bei igeuke.

Tofauti yao iko kwenye vipimo. Kipepeo anataka B iwe imekula 0.786 ya mguu wa XA, na D ifike 1.27 ya mguu huohuo. Kaa anataka B isiyo na kina kirefu, kati ya 0.382 na 0.618, halafu D iende mbali zaidi, hadi 1.618. Kwa wote wawili, C huruhusiwa kurudi 0.382 hadi 0.886 ya mguu wa AB. Kuna pia Kaa wa kina, ambaye D yake ni ileile 1.618 ila B yake ni 0.886. Mkumbuke huyu, maana Kipepeo anapofeli, mara nyingi ndiye anayeitwa kuchukua nafasi yake.

Kipimo cha mwisho ni urefu wa mguu wa CD ukilinganishwa na BC. Kwa Kipepeo vitabu huweka 1.618 hadi 2.24, kwa Kaa 2.618 hadi 3.618. Kipimo hiki nitakirudia, kwa sababu hapo ndipo penye kiini macho kikubwa kuliko pote.

Namba zenyewe zilitoka wapi?

Watu hudhani ziligunduliwa pamoja na maumbo, tangu enzi za H.M. Gartley. Gartley aliandika kuhusu umbo lake katika kitabu cha mwaka 1935, na maelezo yake hayakuwa na namba za Fibonachi tunazozijua leo. Hizo zilibandikwa miongo mingi baadaye. Kipepeo huhusishwa na Bryce Gilmore na Larry Pesavento. Kaa alitangazwa na Scott Carney mwaka 2000, na ni Carney aliyekaza masharti ya B kiasi cha kudai kwamba kila umbo lina B yake maalumu.

Nyingi kati ya namba hizi ni ndugu wa 0.618. Kipeuo cha pili cha 0.618 ni 0.786. Kipeuo cha pili cha 0.786 ni 0.886. Kipeuo cha pili cha 1.618 ni 1.27. Lakini 2.24 ni kipeuo cha pili cha 5, 1.414 ni kipeuo cha pili cha 2, na 3.14, ambayo baadhi ya watu huitumia kwa Kaa, ni pai ya duara. Ukiruhusu vipeuo, vipeuo vya vipeuo, na pai juu yake, orodha inakuwa ndefu, na orodha ndefu ina madhara yake.

Mbona kwenye chati za walimu kila kitu kinakaa kama kimepimwa kwa rula?

Kwa sababu chati hizo zilichorwa baada ya D kupatikana. Anayechora leo, huku bei ikiwa bado angani kati ya C na D, ana pointi nne tu na anakisia ya tano. Anayechora wiki ijayo anaanza na D, ile sehemu ambayo tayari anajua bei iligeuka, halafu anarudi nyuma kutafuta X, A, B na C zinazoipendeza. Huyo wa pili ni kama mtu anayetabiri matokeo ya mechi refa akishapuliza kipenga cha mwisho.

Simaanishi kwamba anadanganya kwa makusudi. Mimi mwenyewe nilikaa miezi nikikusanya picha za Vipepeo kwenye folda, nikiamini naona kitu. Siku nilipozipanga kwa tarehe ya kuchorwa badala ya tarehe ya soko, niligundua kwamba karibu zote nilizichora bei ikiwa imeshageuka.

Nioneshe kwa mfano, tena wenye namba.

Huu ni mfano wa kubuni, kwa bei za aina ya EUR/USD, ili hesabu ziwe nyepesi.

Kwa bei za kufunga, X ni 1.0800 na A ni 1.1000. Mguu wa XA ni pipsi 200. Bei inashuka na kufunga 1.0843, yaani pipsi 157, ambazo ni 0.785 ya XA. B safi kabisa ya Kipepeo. Inapanda hadi 1.0940, pipsi 97 kati ya 157, ambayo ni 0.618. C nayo safi. Sasa treda anakokotoa D: 1.27 mara 200 ni 254, toa kwenye 1.1000, unapata 1.0746. Anaweka oda ya kununua hapo, na stopu losi pipsi 20 chini yake, 1.0726.

Bei inashuka, inagusa oda, inaendelea hadi 1.0722, inachukua stopu losi, kisha inageuka na kupanda pipsi zaidi ya 100. Treda amepoteza. Kutoka A hadi 1.0722 ni pipsi 278, ambazo ni 1.39 ya XA. Hiyo siyo 1.27. Kwa kanuni aliyoanza nayo, umbo limefeli.

Sasa njoo usiku, chati ikiwa imetulia. Mtu anatazama 1.0722, anaona mgeuko mzuri, anaanza kupima upya. Anagundua kwamba mshumaa wa X una utambi ulioshuka hadi 1.0781. Akitumia utambi badala ya bei ya kufunga, XA inakuwa pipsi 219. Gawanya 278 kwa 219: 1.27. Anashtuka kwa furaha. Lakini B yake ya 1.0843 sasa ni 157 kwa 219, yaani 0.717, na hiyo haifanani na Kipepeo. Hakuna tabu, mshumaa wa B nao una utambi, hadi 1.0830. Hapo B inakuwa 170 kwa 219, ambayo ni 0.776. C imerudi pipsi 110 kati ya 170, yaani 0.647, na anaamua kuiita 0.618 kwa kuwa ipo jirani. Mguu wa CD ni pipsi 218, ukigawanya kwa 110 unapata 1.98, ndani ya masafa ya vitabu.

Kipepeo kamili, na D haikukosea hata pipsi moja. Picha inawekwa mtandaoni ikiwa na mshale wa kijani kwenye 1.0722.

Tazama alichofanya. Chini amepima kwa tambi, juu (kwenye A na C) ameacha bei za kufunga. Hakuna kosa la hesabu hata moja, na kila kipimo ukikiangalia peke yake kina hoja. Ila chaguo la utambi au bei ya kufunga lilifanywa baada ya kujua jibu, na ndilo lililogeuza hasara ya kweli kuwa ushindi wa kwenye picha.

Kama XA ilikubali na BC nayo ikakubali, si uthibitisho mara mbili?

Hapana, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake halihitaji maoni ya mtu. Ni aljebra ya sekondari.

Chukua XA kuwa kipimo kimoja. Ukishasema B ilirudi kiasi gani (b), C ilirudi kiasi gani cha AB (c), na D iko wapi (d), basi urefu wa CD ukilinganisha na BC umeshajulikana. Hauna uhuru wa kuwa kitu kingine:

```python
def cd_bc(b, c, d):
    return 1 + (d - b) / (b * c)

print(round(cd_bc(0.786, 0.618, 1.27), 2))    # 2.0
print(round(cd_bc(0.618, 0.618, 1.618), 2))   # 3.62
```

Kipepeo mwenye B ya 0.786 na C ya 0.618 atatoa 2.0 kila siku, kwenye dhahabu, kwenye yeni, hata kwenye bei ya nyanya sokoni. Kaa mwenye B na C za 0.618 atatoa 3.618 kamili, kwa sababu ndivyo 0.618 inavyojizungusha yenyewe. Mtu akiona 3.618 imetokea huwa anasema soko limethibitisha. Soko halijasema lolote hapo. Amepima kitu kilekile kwa rula nyingine.

Kwa hiyo vipimo vinavyosimama vyenyewe ni vitatu, si vinne. Na kati ya hivyo, C imepewa masafa mapana ya 0.382 hadi 0.886, ambayo miguu mingi ya kawaida huangukia humo. Vinabaki viwili vyenye uzito: B na D. Na D ndiyo uliyoichagua kwa sababu bei iligeuka.

Je, masharti ya vitabu yanaweza kutimia yote kwa pamoja?

Kwa Kaa, si yote. Weka B ya 0.382 kwenye kanuni ile, C ya juu kabisa inayoruhusiwa, 0.886, na D ya 1.618. Jibu ni 4.65. Vitabu vinataka isizidi 3.618. Ukitaka ishuke hadi hapo, C ingelazimika kupita juu ya A, na ikipita A umbo limevunjika.

Ukikokotoa kwa uangalifu utaona kwamba B iliyo chini ya 0.487 hivi haiwezi kukutana na masharti mengine yote ya Kaa, labda ulegeze mojawapo. Yaani karibu nusu ya masafa ya B yaliyoandikwa, kuanzia 0.382, ni pambo. Hata hivyo picha za Kaa wenye B ya 0.382 zipo tele. Ukiziona, pima mguu wa CD mwenyewe. Ama umeachwa bila kuandikwa, ama D haiko 1.618, ama imeandikwa namba nyingine kutoka kwenye ile orodha ndefu.

Asilimia 5 ya kuruhusu kosa ni kidogo tu. Ina ubaya gani?

Ingekuwa kidogo kama namba ingekuwa moja. Chukua namba ambazo watu wa hamoniki huzitumia kati ya 0.382 na 1: ni 0.382, 0.5, 0.618, 0.707, 0.786, 0.886 na 1 yenyewe. Ipe kila moja asilimia 5 juu na asilimia 5 chini, kisha jumlisha maeneo yaliyofunikwa. Yanafika takriban theluthi mbili ya nafasi yote. Kuanzia 0.6 kwenda juu hali ni mbaya zaidi, mapengo ni membamba kama nyufa za mlango.

Maana yake, bei ikirudi popote pale kwa bahati tu, kuna uwezekano mkubwa iangukie kwenye namba yenye jina. Ikikosa 0.786 inapata 0.707, ikikosa hiyo inapata 0.618. Umbo linabadilishwa jina na maisha yanaendelea.

Hapo ndipo Kaa wa kina anapoingia. Kipepeo amefeli kwenye 1.27, bei imeteleza hadi 1.618 na kugeuka. Mtu anasema, "Kumbe alikuwa Kaa wa kina," anasogeza B kidogo hadi ifanane na 0.886, na Kipepeo aliyefeli hahesabiwi popote. Bei ikipita hata 1.618, basi haichorwi kabisa, kwa kuwa hakuna picha ya kuweka. Unapouliza maumbo haya hufanikiwa mara ngapi, unajibiwa kwa kuhesabu waliobaki.

Natumia kiashiria kinachochora chenyewe. Kompyuta haina upendeleo, au sivyo?

Haina upendeleo wa moyo, ina wa muda. Viashiria vingi vya aina hii hutafuta kwanza vilele na mabonde. `ZigZag` ya MetaTrader, kwa mfano, huja na mipangilio ya 12, 5 na 3, na mguu wake wa mwisho huhama kadiri bei inavyotengeneza chini mpya. Jana D ilikuwa hapa, leo imeshuka, na ile ya jana imefutika bila kuacha alama. Ukiangalia historia ya chati unaona D zilizobaki tu.

Kwenye TradingView, ukitumia `ta.pivotlow(5, 5)`, bonde halithibitishwi mpaka mishumaa 5 ipite upande wa kulia. Hakuna kosa katika hilo. Kosa huja pale mwandishi wa kiashiria anapoirudisha alama nyuma kwa `offset=-5` ili ikae vizuri chini ya utambi. Picha inaonekana kana kwamba ishara ilitoka bei ikiwa chini kabisa, kumbe ilitoka mishumaa 5 baadaye, bei ikiwa imeshapanda. Kwenye chati ya saa 4, hiyo ni saa 20.

Namna ya kukigundua ni rahisi lakini inachosha. Washa kiashiria kwenye bei inayotembea, piga picha ya skrini kila mshumaa unapofunga, ukifanya hivyo wiki mbili. Kisha linganisha na chati ya historia. D zilizomo kwenye picha zako na hazimo kwenye chati ni zile zilizofutwa.

Umbo linaonekana kwa broka wangu, kwa mwenzangu halipo. Nani yuko sahihi?

Huenda wote. Soko la fedha za kigeni halina jengo moja la mnada, kila broka ana mtiririko wake wa bei, kwa hiyo urefu wa tambi hutofautiana. Tena mishumaa ya siku hufungwa kwa saa tofauti kulingana na saa za seva, na wengine wana mshumaa mfupi wa Jumapili. Umbo linalotegemea B iwe 0.786 na isiwe 0.74 halihitaji tofauti kubwa kubadilika.

Kipimo cha chati nacho kina neno. Sarafu ya mtandaoni ikipanda kutoka dola 10,000 hadi 20,000, kwa kipimo cha kawaida 1.27 iko 7,300. Kwa kipimo cha logi iko karibu 8,290. Tofauti ya dola karibu elfu moja, na zote mbili zinaitwa "D kamili". Na sarafu ikipanda kutoka dola 1 hadi 3, Kaa wa kipimo cha kawaida anakutaka ununue kwa dola −0.24. Nasubiri wa kuniuzia.

Nitajuaje kama nachora kabla au baada?

Andika daftarini, kwa kalamu, bei ikiwa bado kati ya C na D. Andika X, A, B na C kwa namba, useme umetumia utambi au bei ya kufunga, umeruhusu kosa la asilimia ngapi, na D itakuwa wapi. Andika pia ni bei gani ikifika utakubali kwamba umbo limekufa. Mstari huo haurekebishwi tena. Kila ulioanza kuandika unahesabiwa, hata ule ambao D haikuguswa.

Sheria moja ya ziada ambayo mimi naona haina mbadala: amua mapema kwamba bei ikifika kwenye stopu losi, umbo halipewi jina jipya. Kipepeo aliyekufa amekufa. Kama kweli unamwamini Kaa wa kina, mfungulie ukurasa wake tangu B ilipofika 0.886, si baada ya 1.27 kuvunjika.

Kuna njia ya kupima kama ni namba zenyewe zinazofanya kazi?

Ipo, na inafanana na vidonge bandia kwenye majaribio ya dawa. Chukua orodha ya maumbo uliyoyapata kwa pointi nne za kwanza tu, bila kutazama kilichofuata. Kwa kila moja weka oda ya kufikirika kwenye 1.27. Kisha rudia orodha ileile, lakini sasa D iwe 1.20, halafu 1.35, halafu 1.50, namba zisizo na ukoo wowote. Stopu losi na faida unayolenga ziwe sehemu ileile ya XA kila mara, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Toa gharama ya spredi kila mahali.

Kama 1.27 ina siri, itazizidi jirani zake kwa kiasi kinachoonekana, na itaendelea kuzizidi ukigawa data katika miaka ya mwanzo na ya mwisho. Kama 1.20 na 1.35 zinafanya vilevile, basi ulichokuwa unakifanya ni kununua baada ya bei kushuka chini ya bonde la zamani, na sehemu za desimali zilikuwa urembo.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, maumbo machache hayatoshi. Ukiwa na 15, tofauti ya mawili matatu haina maana. Pili, ukijaribu jozi zote 28 za sarafu kubwa nane kwenye taimufremu 6, una chati 168, na katika chati 168 lazima kuna moja itakayong'aa kwa bahati. Hiyo moja ndiyo watu huijengea kozi.

Kwa hiyo nisiyatumie?

Sijasema hivyo. Kuna kitu cha maana ndani ya Kipepeo ambacho hakihitaji namba: bei inavunja chini ya X, inachukua stopu losi za walionunua pale, kisha wauzaji wanakosa nguvu. Hilo ni jambo la kutazama kwa macho, na unaweza kuliwekea eneo pana, kuanzia X hadi 1.414 ya XA kwa mfano, ukasubiri mshumaa ufunge tena juu ya X ndipo uingie. Utaingia kwa bei mbaya zaidi kuliko ya kwenye picha. Kwenye mfano wetu ungenunua juu ya 1.0800, pipsi karibu 80 kutoka chini, na sehemu ya mwendo ingekuwa imeshapita. Ila bei hiyo ungeipata kweli.